Anayesema 'niombeeni' hajibiwi kwa 'Amina'

Jumamosi moja nilikuwa Naro Moru, katika mkahawa ulio kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, nikinywa chai na watu watano waliofahamiana kwa zaidi ya miaka ishirini. Urafiki wao ulianzia mlimani. Enzi hizo wanne kati yao walikuwa wapagazi wa wageni wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Wa tano alikuwa, na angali, mwenye duka la kukodisha viatu vya kupandia mlima, makoti mazito na mifuko ya kulalia.

Leo mmoja wao ni mzee wa kanisa la PCEA. Mwingine ni katekista wa Kanisa Katoliki. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya upili ambaye hana dini na hafichi jambo hilo. Wa nne ni mzee wa makamo anayefuata desturi ya wahenga wa Agikuyu ya kumwomba Ngai huku uso ameuelekeza Kirinyaga. Mwenye duka ni Mwislamu, mzaliwa wa Nanyuki. Mezani pale kulikuwa na imani tano, au nne na mtu asiye na yoyote, na sijawahi kusikia wakigombana kwa ajili ya dini.

Katikati ya mazungumzo mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Jamani, mama anafanyiwa operesheni Jumatatu asubuhi. Nawaomba mniombee."

Katekista alidakia mara moja: "Amina! Tutamweka kwenye maombi."

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kwa huruma: "Mungu amrehemu mama yetu."

Mwenye duka aliweka kikombe chini. "Mzee," alisema polepole, "mama hajafa."

Walicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa na raha. Yule mzee wa makamo alisema neno moja tu, "Thaai." Mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alimshika mwenzake begani na kumwambia: "Pole sana, ndugu yangu, kwa kuuguliwa. Mama apate afueni, na madaktari wafanye kazi yao vizuri. Anaingia saa ngapi? Basi mimi nitakufungulia duka hiyo Jumatatu."

Sina shaka kwamba wote wanne walimaanisha mema. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilijiuliza kwa nini jibu la mtu asiyesali ndilo lililomtuliza mwenye shida, ilhali la mzee wa kanisa, mtu wa sala tangu utotoni, lilimshtua. Ni rahisi kusema kwamba tofauti ilikuwa ya imani. Mimi naona tofauti ilikuwa ya lugha, na kwamba Kiswahili kina kila kitu ambacho marafiki hawa walihitaji ili kila mmoja ajibu kwa dhati bila kuisaliti imani yake wala kuikanyaga ya mwenzake.

Tuanze na ombi lenyewe. "Nawaomba mniombee." Kitenzi ni kimoja, omba, kimetumika mara mbili. Mara ya pili kimeongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea, ndipo tukapata ombea. Kauli hii humwingiza mtu wa tatu katika tendo. Katika kumwomba kuna mwombaji na mwombwa. Katika kumwombea yupo mwombaji, yupo anayeombewa, na yupo mwombwa. Sasa tazama jambo moja: mwombwa huyo si lazima atajwe. Mwenye duka hakusema "mniombee kwa Mwenyezi Mungu" wala "mniombee kwa Bwana." Aliacha nafasi hiyo wazi, na kila aliyekuwa mezani aliweza kuijaza kwa jina analolijua. Hata mwalimu angeweza kusema "nakuombea heri" bila kusema uongo, maana kwa Kiswahili cha kila siku maneno hayo ni ya kumtakia mtu mema, yawe yanaelekezwa mbinguni au la.

Ila kauli hiyohiyo ya kutendea ina upungufu. Haisemi kama kinachoombwa ni chema au kibaya. Tunasema "alimwombea mwanawe baraka," na vilevile tunasema "alimwombea jirani yake mabaya." Ndiyo maana "nitakuombea" likiachwa peke yake huwa jibu lenye nafasi tupu. Anayelisikia hujua utasema kitu fulani mahali fulani, lakini hajui utasema nini. Mwalimu aliijaza nafasi hiyo kwa afueni na kwa kazi njema ya madaktari. Mwenye duka alijua papo hapo alichotakiwa.

Baada ya hapo tuliangalie "Amina." Neno hili hufunga dua iliyokwisha kusemwa. Maana yake ni kuithibitisha dua ya mwingine: na iwe hivyo. Wakristo husema "Amina," Waislamu wengi husema "Amin," na kazi ni ileile. Kwa hiyo, mtu akikuambia, "Mungu akubariki," ukimjibu "Amina," umejibu sawasawa. Lakini mwenye duka hakuwa ameomba dua. Alikuwa akiomba aombewe. Kumjibu "Amina" ni kufunga mlango wa chumba ambacho hakuna aliyeingia. Katika miji yetu ya mlimani "Amina" limegeuka kuwa kiitikio cha kila kitu: matangazo, salamu, hata mzaha. Hapo ndipo lilipopoteza uzito. Mtu mwenye wasiwasi hulisikia kama sauti tu, naye hubaki na ombi lake mkononi.

"Tutamweka kwenye maombi" nalo lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya asili. Kiswahili hakimweki mtu kwenye maombi kama kinavyoweka sukari kwenye chai. Huo ni usemi wa Kiingereza uliovalishwa maneno yetu. Sisi tuna "tutamwombea," "tutamwombea dua," na "tutamkumbuka katika sala." Kasoro ya pili ni ya wakati. Kiambishi -ta- huahidi. Ahadi si mbaya, lakini ina deni. Ukisema "tutamwombea," basi Jumatatu asubuhi unadaiwa sala, na Jumatatu jioni unadaiwa simu ya kuuliza, "Nilimwombea mama leo asubuhi. Ameamkaje?" Wengi wetu tunaposema "nitakuombea" huwa tunatafuta njia ya heshima ya kuyafunga mazungumzo, na anayeomba hulitambua hilo kwa haraka kuliko tunavyodhani. Kama humo katika nia ya kulipa deni, usikope.

Lugha yetu ina njia ya kutokopa. Ni ile hali ya kitenzi kinachoishia kwa -e, ambayo hutumika kutaka, kuelekeza kwa upole na kuombea: apone, apate, awape, amjalie. Anayesema "Mungu amponye mama" haahidi dua ya kesho. Ameiomba sasa hivi, na mwenye shida ameisikia kwa masikio yake. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama vile bariki, havibadiliki mwishoni, lakini kazi ni ileile: "Mungu akubariki." Hapa kusema na kutenda ni kitu kimoja. Mwenye dini akijibu kwa njia hii, hata akisahau baadaye, hakuwa mwongo. Naye asiye na dini anaweza kutumia hali hiyohiyo bila kumtaja yeyote: "Mama apate afueni." Mwalimu alifanya hivyo, na sentensi yake ilifaa kwa sababu kila neno lililokuwamo lilikuwa lake.

Msomaji anayetaka ushahidi kwamba njia hii inatosha kwa watu wa imani mbalimbali, aukumbuke Wimbo wa Taifa wa Kenya, ulioanza kutumika mwaka wa 1963 kwa sauti iliyotokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Wimbo huo ni dua. Unamwita Mungu, unamtaka baraka, na maombi yake yamejengwa kwa vitenzi vya -e. Hautaji nabii, kitabu wala nyumba ya ibada. Kwa zaidi ya miaka 60 Wakristo, Waislamu, Wahindu na wafuasi wa desturi za wahenga wamesimama pamoja na kuuimba, na sijasikia mtu akilalamika kwamba ameombeshwa sala ya wenyewe.

Sasa nije kwa lile neno lililomfanya mwenye duka aweke kikombe chini. Mzee wa kanisa alisema "Mungu amrehemu" kwa maana aliyoizoea tangu shule ya Jumapili. Katika Biblia ya Union, kipofu wa Yeriko anayesimuliwa katika Injili ya Marko analia kwa kitenzi hichohicho ili ahurumiwe, naye yu hai na anataka kuona. Kwa mzee, kurehemu ni kuhurumia. Lakini kwa Waislamu wanaozungumza Kiswahili, "Mungu amrehemu" husemwa aghalabu baada ya kutajwa mtu aliyefariki. Ndiyo asili ya neno tunalolitumia sote, marehemu, yaani aliyerehemiwa. Mzee alimtakia mgonjwa huruma, na mwana wa mgonjwa akasikia tanzia.

Kuna mtego wa pili wa aina hiyo, ambao siku ile hakuna aliyeuangukia, lakini nimeusikia kwingine. Ni kitenzi salia. Mkristo anayetaka kusema atasali kwa ajili ya mgonjwa anaweza kuchukua sali, akakiongeza kauli ya kutendea, akasema "tutamsalia mama." Kisarufi hakukosea. Lakini kumswalia mtu, katika masikio ya Mwislamu, ni kumsimamia swala ya maiti, ile isiyo na kurukuu wala kusujudu, inayoswaliwa kabla ya mazishi. Kumswalia Mtume ni jambo jingine, ni kumtakia rehema na amani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanyiwa mgonjwa anayesubiri operesheni. Isitoshe, salia ina maana nyingine kabisa, ya kubaki: "Zimesalia siku mbili." Neno lenye mizigo mitatu halifai kumtulizia mtu mwenye hofu. Tuliache, tutumie ombea.

Je, tumwite Mwombwa kwa jina gani? Watu wengi hudhani hapa ndipo penye ugumu, nami naona ndipo palipo rahisi. "Mungu" ni neno la Kibantu ambalo Wakristo na Waislamu wa Kiswahili wamelitumia pamoja kwa muda mrefu. "Mwenyezi Mungu" limo katika tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, na limo pia katika Biblia Habari Njema. "Mola" na "Maulana" yalitoka Uarabuni, lakini mshairi Mkristo huyatumia bila wasiwasi. Hata huko Naro Moru, ambako jina la mji wenyewe linatokana na Kimaasai na maana yake ni mawe meusi, majina yamepita mipaka ya imani. Ngai, ambaye wahenga wa Agikuyu walimwomba wakiuelekea mlima, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, ndiye anayetajwa katika Biblia ya Gikuyu. Mzee wa kanisa na yule mzee wa makamo hutumia jina moja, hata kama wangekaa usiku kucha hawataafikiana juu ya mengine.

Vivyo hivyo neno dua. Wakristo wa bara hulidhania kuwa la Waislamu peke yao, ilhali limo katika Biblia ya Union, katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo. Kwa Mwislamu, swala ni ile ibada ya vipindi vitano, na dua ni ombi ambalo mtu anaweza kulitoa wakati wowote. Basi Mkristo anayemwambia rafiki yake Mwislamu "namwombea mama dua" amesema neno lililomo katika vitabu vya pande zote mbili.

Ugumu huja pale tunapoongeza alama ya nyumba yetu. "Pokea uponyaji katika jina la Yesu" ni maneno mazito kwa anayeyaamini, na hakuna anayemkataza kuyasema anapopiga magoti kwake. Lakini yanapoelekezwa kwa Mwislamu aliyeomba kuombewa, yanamlazimu achague: aitikie asichokiamini, au anyamaze na kuonekana hana shukrani. Mtu aliyekuja na mzigo mmoja unamwongezea wa pili. Upande wa pili nao una kosa lake. Mwislamu akimjibu Mkristo "Inshallah nitamwombea," yeye ana adabu kamili, kwa sababu hakuna ahadi anayoitoa bila kuiweka chini ya mapenzi ya Mungu. Lakini katika miji ya bara "inshallah" limechukuliwa na wasio Waislamu kwa maana ya "labda," hata kwa mzaha. Mkristo aliyeulizia sala akijibiwa hivyo anaweza kuondoka akidhani amekwepwa. Kwa rafiki wa imani nyingine, "Mungu amjalie afya" linafika haraka zaidi.

Na kuna jibu moja la mtaani la kuepukwa kabisa. Siku hizi "wewe unahitaji maombi" ni dhihaka, maana yake umepotoka au akili zimekuruka. Nimewahi kumsikia mtu akimwambia mwenzake aliyeuguliwa, kwa nia njema, "Kweli unahitaji maombi." Waliokuwa karibu waliinamisha nyuso.

Turudi kwa "Thaai" ya yule mzee wa makamo. Baadhi ya wasomaji watasema kwamba hilo nalo ni kiitikio kama "Amina." Si sawa kabisa. Katika sala ya jadi kiongozi huomba na watu huitikia kwa neno hilo, lakini neno lenyewe lina maana ya amani. Aliyelitamka ametaja kitu anachokitaka. Upungufu wake ulikuwa mdogo: mwenye duka, ambaye Kikuyu chake ni cha biashara, hakujua kama alikuwa ameombewa au ameagwa. Kama mzee angeongeza "Ngai ampe mama amani," ingekuwa dua kamili.

Mwalimu alianza na neno ambalo sote tunalo na ambalo halihitaji imani yoyote, pole. Kisha akasema "kwa kuuguliwa." Naomba nisimame hapo, kwa maana wengi tumeanza kulisahau neno hilo. Tunajua kufiwa: mtu amekufa, na wewe ndiwe uliyefikwa. Kuuguliwa ni vivyo hivyo: mtu anaugua, na wewe ndiwe mwenye mgonjwa. "Ugua pole" humfaa aliye kitandani. Mwana aliyekaa mkahawani na wasiwasi wake haugui, ameuguliwa. Neno hilo lilimwambia mwenye duka kwamba mwenzake ameiona shida yake yeye, mbali na ile ya mama yake.

Nikitaka kuyarekebisha yale majibu ya awali, sihitaji kubadilisha imani ya mtu. Katekista angesema: "Pole, ndugu yangu. Mungu amjalie mama afya. Kesho kanisani nitamwombea kwa jina lake." Angekuwa ameomba papo hapo, kisha akatoa ahadi yenye siku na mahali. Mzee wa kanisa angesema: "Pole. Mwenyezi Mungu amponye mama, na awaongoze madaktari." Hakuna hata mmoja ambaye angelazimika kusema asichoamini, na mwenye duka angeweza kuyaitikia yote mawili, safari hii kwa "Amin" iliyo mahali pake.

Yupo atakayenipinga kwamba huku ni kuifanya sala kuwa maji ya vuguvugu, na kwamba muumini wa kweli hafichi jina la anayemwamini. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona inachanganya mambo mawili. Sala ni mazungumzo ya mtu na Mungu wake, na humo atumie kila jina analolijua. Jibu ni mazungumzo ya mtu na rafiki yake. Katekista akienda kanisani na kumwombea mama yule kwa sala zote za kanisa lake, hajaficha kitu. Alichofanya mkahawani ni kumwambia rafiki yake maneno ambayo rafiki anaweza kuyapokea kwa mikono miwili. Mwenye duka alijua vizuri alikuwa akiomba wapi. Angetaka dua ya Waislamu peke yao, angengojea Ijumaa msikitini.

Hata hivyo, msamiati wa pamoja una mpaka, na mpaka huo ni kifo. Kwa mgonjwa, pande zote zinaweza kuomba kitu kimoja: apone. Akishafariki, njia zinaachana. Mkatoliki humwombea marehemu raha ya milele. Mpresibiteri hamwombei aliyekwisha kufa, huwaombea faraja waliobaki. Mwislamu humwombea Mwislamu mwenziwe rehema na maghufira, lakini kwa asiye Mwislamu huelekeza maneno yake kwa wafiwa. Asiye na dini hana pa kumpeleka marehemu. Kwa hiyo, rafiki wa imani tofauti akifiwa, usikimbilie kumwombea aliyekwenda. Waombee waliobaki: "Poleni kwa msiba. Mungu awape subira," au "Mpate faraja." Hapo tena hakuna atakayekataa kuitikia. Na hapo ndipo utakapoona kwa nini "amrehemu" la mapema liliuma vile: lilimvusha mama mpaka ambao mwanawe alikuwa akiomba asiuvuke.

Kabla hatujaagana siku ile, mzee wa kanisa alimfuata mwenye duka hadi nje. Nilisikia akimwambia, "Nilikusudia apone." Mwenye duka akamjibu, "Najua, mzee. Amin."

Jumanne nilimpigia mwalimu simu kuuliza habari. Alikuwa dukani bado, akitafuta kiatu cha kushoto cha mgeni wa namba kubwa. Aliniambia mama ametoka salama na asubuhi amekunywa uji.